Pesa ya mama kwenye simu: maswali ninayoulizwa dukani Tanga

Nina kibanda cha uwakala karibu na soko la Mgandini. Wanaokuja na maswali haya si wazee wenyewe. Ni watoto wao, wengi wako Dar au Arusha, wengine Mombasa, wakija likizo wanapita dukani na kuniuliza pembeni mama asisikie. Nimeyaandika hapa yale yanayorudi kila mara. Mifano mingi ni ya bibi mmoja wa Mwanzange ambaye nitamwita Bi Mkubwa. Ana miaka sabini na kitu, anatumia kitochi cha vibonyezo, na ana vyumba viwili vya kupangisha uani.

Naweza kuweka kikomo, simu ya mama isitoe zaidi ya elfu ishirini kwa siku?

Kila anayeuliza hutaka hivyo: abonyeze mahali, aandike 20,000, amalize. Tatizo ni kwamba vikomo vilivyopo kwenye pochi za simu vimewekwa na mtandao kwa mujibu wa sheria, na ni vya mamilioni. Viliwekwa kuzuia utakatishaji wa pesa. Mtu aliyeshika simu ya mama yako na namba yake ya siri anaweza kumaliza akiba ya mwaka mzima bila kukigusa kikomo cha mtandao.

Kikomo ulicho nacho mkononi ni salio lenyewe. Pochi yenye 40,000 haiwezi kuibiwa 400,000, awe ni tapeli, wakala mbovu au mjukuu. Kwa hiyo unapopanga kikomo, kwanza angalia mama anatumia shilingi ngapi kwa wiki, kisha hakikisha kwenye laini yake hakuna zaidi ya hiyo na akiba ndogo ya dharura.

Kwa Bi Mkubwa tulikaa barazani na daftari. Mboga na samaki, mkaa, umeme, maji, dawa ya presha, na sadaka ya Ijumaa ambayo mwanawe aliisahau na yeye akamkumbusha kwa ukali. Ikafika kama 35,000 kwa wiki. Tukaweka 40,000.

Basi nitume kidogo kidogo? Ada itanimaliza.

Ndiyo, utume kila wiki badala ya kila mwezi. Ada itapanda, kwa sababu utalipa ya kutuma mara nne na mama atalipa ya kutoa mara nne. Ukituma na ya kutolea, ongeza juu yake. Kwa familia ya Bi Mkubwa tofauti ilikuwa elfu chache kwa mwezi. Mwanawe alinung'unika wiki ya kwanza tu, kwa sababu miezi michache nyuma 160,000 ya mwezi mzima iliondoka kwa simu moja, siku ileile ilipoingia. Matapeli wanajua mwisho wa mwezi ni lini.

Lipo jambo jingine ambalo huwezi kuliona ukiwa Dar. Mzee akipokea pesa ya mwezi, huja kuitoa yote siku hiyohiyo kwa sababu haiamini simu. Kisha anarudi nyumbani na laki na nusu kwenye fundo la khanga, mtaani kila mtu amemwona akitoka kwa wakala. Elfu arobaini ni pesa ya sokoni, haimvuti mtu amfuate.

Kodi ya nyumba na pesa kubwa zikae wapi?

Zikae benki, kwenye akaunti yenye jina lake. Wapangaji wa Bi Mkubwa walikuwa wakimrushia kodi kwenye simu, na kila mpangaji alijua siku gani laini ina pesa. Sasa wanaweka moja kwa moja kwenye akaunti, na yeye anaonyeshwa karatasi ya malipo.

Mkienda tawini, nendeni na mama mwenyewe na kitambulisho chake. Usiende na barua tu. Ombeni mambo matatu. Ujumbe wa arifa kwa kila pesa inayoingia na kutoka. Namba ya pili ya kupokea arifa hizo, kama mama ameridhia. Na kama familia inakubaliana, akaunti ya pamoja ambayo kutoa kunahitaji saini mbili. Hili la saini mbili ndilo kikomo cha kweli kinachokaribia kile unachokitafuta kwenye simu, ingawa lina usumbufu wake: ukisafiri, mama hatoi kitu.

Sasa angalieni kosa ambalo nimeliona mara nyingi. Mtoto anamfungulia mama akaunti, halafu afisa anauliza "Tumuunganishe na huduma ya benki kwa simu?" na wote wanaitikia. Laini inayounganishwa ni ileile ya kwenye kitochi. Tangu hapo akiba ya benki inavutwa kwenye pochi kwa vibonyezo vichache, na wazee karibu wote huweka namba ya siri moja kwa vyote viwili, mara nyingi mwaka wa kuzaliwa. Mmejenga ukuta mkaacha mlango wazi. Kwa mzee anayetumia pochi kwa ajili ya sokoni tu, mimi hushauri benki isiunganishwe na laini hiyo kabisa. Arifa peke yake inatosha.

Salio likiwa dogo, nimemaliza?

Bado kuna mikopo ya simu. Kwenye M-Pesa kuna Songesha, inayokamilisha muamala pale salio lisipotosha. Mitandao mingine nayo ina mikopo yake ya papo hapo. Mwenye namba ya siri anaweza kukopa kwa jina la mama, akatumia, na wewe ukituma ile 40,000 Jumatatu, deni linakatwa kabla mama hajaiona. Mzee anaona pesa imeingia pungufu, anadhani umetuma pungufu, ananyamaza kwa aibu ya kuuliza. Ugomvi wa namna hiyo nimeusuluhisha hapa kwenye benchi la duka.

Dalili yake iko wazi: pesa uliyotuma na salio jipya haviendani, na ndani ya meseji au muda mfupi baadaye kuna neno la makato au marejesho. Ingieni kwenye menyu ya pochi, sehemu ya huduma za kifedha au mikopo, mwangalie kama amejiunga. Kama yupo, lipeni deni kisha ajiondoe. Menyu ikiwazungusha, pigeni 100 kwa laini yake, mama aongee mwenyewe, aseme hataki huduma ya mkopo.

Namba za kuingilia pochi ni hizi:

```
*150*00#   M-Pesa
*150*01#   Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa)
*150*60#   Airtel Money
*150*88#   HaloPesa
```

Meseji za muamala zinaingia kwenye simu yake. Mimi niko mbali, nitazionaje?

Arifa ya pochi hutumwa kwa laini yenye pochi, basi. Kwa hiyo inabidi mtu aisome na kukwambia, na mtu huyo bora awe mama mwenyewe.

Tulichofanya kwa Bi Mkubwa hakina ufundi wowote. Kila jioni baada ya magharibi binti yake anapiga simu, kama alivyokuwa akipiga siku zote. Anamwamkia, wanaongea habari za wapangaji na mvua, kisha anasema, "Mama, nisomee salio la meseji ya mwisho." Bi Mkubwa anavaa miwani, anasoma tarakimu. Binti anaandika kwenye daftari: tarehe, kilichofanyika, salio. Dakika moja. Siku ambayo hakuna muamala, salio ni la jana.

Kwa wasioona vizuri, meseji inaweza kupelekwa mbele kwa namba ya mtoto; kitochi chochote kinaweza kufanya hivyo, na mzee hujifunza kwa siku mbili tatu. Ila ipelekwe na yeye, au mbele yake.

Salio peke yake linanisaidia nini?

Linasaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu kila meseji ya muamala huja na salio jipya. Ukiziweka pamoja zinakuwa kama shanga kwenye uzi. Mtu akichomoa moja, pengo linaonekana.

Nitakupa kisa chenyewe. Jumatatu Bi Mkubwa alipokea 40,000, meseji ikasema salio jipya 44,600. Jumanne akasema hakuna kilichofanyika. Jumatano alikuja kwangu akatoa 20,000, na tuseme makato yalikuwa 1,600. Hesabu ya daftari: 44,600 toa 21,600, ibaki 23,000. Jioni alipomsomea binti yake, meseji ilisema salio 20,000.

Elfu tatu haipo, na kwenye simu hakuna meseji inayoieleza. Yaani kati ya Jumatatu na Jumatano kuna muamala uliofanyika na meseji yake ikafutwa. Kufuta meseji hakufuti muamala. Asubuhi yake tuliingia kwenye menyu, tukaomba taarifa fupi ya miamala ya karibuni, ikaja orodha: vifurushi vitatu vya 1,000 vilivyonunuliwa kwenda namba nyingine. Namba ilikuwa ya kijana wa jirani, yule aliyekuwa akimsomea meseji na kumwekea umeme. Ndiye aliyefundishwa namba ya siri, kwa nia njema kabisa.

Bi Mkubwa alipoambiwa alicheka. "Mwacheni, mtoto wa watu, ananibebea maji." Hakutaka ashtakiwe wala aaibishwe, na ni haki yake, pesa ni yake. Alichokubali ni kubadilisha namba ya siri, na kila mwezi kumpa kijana elfu tano mkononi kwa ajili ya maji. Kijana bado anabeba.

Angalia kwamba wizi wa namna hii hautambuliki kwa arifa moja moja. Elfu moja haimshtui mtu. Inatambulika kwa hesabu isiyofunga.

Siku mbili tatu mama anasema hakuna meseji iliyoingia, na mimi nimetuma pesa. Kuna wizi?

Angalia kwanza kama kisanduku cha meseji kimejaa. Vitochi vingi hubeba meseji chache, na matangazo ya vifurushi na bahati nasibu hukijaza kwa wiki. Kikijaa, kibahasha kinamwekamweka juu ya kioo na meseji mpya zinasubiri nje. Zile za muamala nazo zinasubiri. Mama anakuwa na pesa asiyoijua, na mtu akimpigia kumwambia "imeingia kwa makosa" hana cha kuhakikishia.

Futeni matangazo kila Ijumaa. Meseji za muamala ziacheni hadi ziandikwe kwenye daftari. Na mlio wa meseji upandishwe hadi juu, uwe tofauti na wa kupigiwa.

Nitajuaje kama meseji ya pesa ni ya uongo?

Meseji ya kweli huja kwa jina la huduma. Ya uongo huja kutoka namba ya mtu, hata kama maneno ndani yamenakiliwa vizuri. Kuna nyingine zinatia shaka hata kwa jina, na hapo daftari linasaidia tena. Bi Mkubwa aliwahi kupata meseji kwamba amepokea 150,000, salio jipya 163,200. Jioni iliyotangulia salio lake lilikuwa 42,500. Jumlisha mwenyewe: lingekuwa 192,500. Aliyeiandika hakujua mama ana shilingi ngapi, na hawezi kujua.

Baada ya meseji kama hiyo simu huita. Sauti ya upole, "Mama shikamoo, nimekosea kutuma, ni pesa ya mgonjwa, naomba unirudishie." Jibu tulilomfundisha Bi Mkubwa ni moja: "Marahaba mwanangu, wapigie mtandao wakurudishie." Kisha anakata. Aliyekosea kweli ana njia ya kuomba muamala urejeshwe kupitia mtandao wake, haihitaji mama atume chochote.

Ile nyingine ya zamani, "ile hela tuma kwenye namba hii", inanasa watu wenye deni au mtoto shuleni. Mzee aangalie jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kama jina si la anayemjua, aghairi. Namba na ujumbe wa kitapeli pelekeni kwenda 15040, ni namba ya mamlaka ya mawasiliano kwa kazi hiyo.

Nani ajue namba ya siri? Mama anasahau.

Kusahau ni kweli, na kumwambia tu "usimwambie mtu" hakumsaidii mtu anayesahau. Kwa kawaida namba hukaa kwenye kikaratasi nyuma ya betri au kwenye kifuniko cha simu, mahali pa kwanza mwizi anapofungua. Kama lazima iandikwe, iandikwe nyumbani, mbali na simu, ndani ya kitu anachokitumia kila siku. Bi Mkubwa aliiandika kwenye jalada la juzuu, katikati ya namba nyingine za simu za watu wasiokuwepo.

Mtoto mmoja aijue, mmoja tu. Wakijua watatu na hesabu isipofunga, mtashukiana wote.

Kwa wakala, mteja ndiye anayebonyeza. Anaweka namba ya wakala, kiasi, na namba yake ya siri kwa mkono wake. Wazee hunipa simu na kunitajia namba kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mimi huwarudishia simu, wengine wananikasirikia kwamba nina kiburi. Najua wenzangu wanaowabonyezea kwa huruma, na najua mmoja wa mtaa mwingine aliyekuwa akitoa 30,000 na kumpa mzee 20,000. Kabla mama hajaondoka dirishani asubiri meseji iingie, ahesabu noti zilingane na meseji. Akiharakishwa, ndiyo asubiri zaidi.

Alama za vidole za baba hazisomi. Laini tumeisajili kwa jina langu. Kuna ubaya?

Usajili wa laini hapa nchini ni wa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na vidole vya mtu aliyelima au kuvuta nyavu miaka hamsini vimesagika. Kwa hiyo wengi wanatumia jina la mtoto. Ubaya ni huu: pochi inakuwa ya mtoto. Laini ikipotea, baba hawezi kuirudisha mwenyewe. Mtoto akikopa kwenye pochi hiyo na kushindwa, deni linakatwa pesa ya baba. Na Mungu akimchukua mtoto kwanza, pesa ya baba inaingia kwenye mirathi ya mtoto, wakili atawaeleza vizuri zaidi.

Jaribuni vidole vyote kumi, si kidole gumba tu. Viosheni kwa maji ya uvuguvugu, pakeni mafuta kidogo kisha mfute. Nimeona kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikikubali baada ya tisa kukataa. Mkishindwa kabisa na ibaki kwa jina la mtoto, basi salio lake lizidi kuwa dogo. Kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho, piga `*106#` na ufuate maelekezo. Wazee wengine hukuta laini wasizozijua.

Kuna programu za kutuma meseji za mama kwangu moja kwa moja. Niweke?

Kama ni simu janja, zipo. Zinapeleka meseji zote, pamoja na zile za kuthibitisha, kwa mtu mliyemwamini, na huenda kwa aliyetengeneza programu pia. Mimi sijaiweka kwenye simu ya mama yangu.

Pesa imeshaondoka. Nianze wapi?

Piga 100 kwa laini ya mama dakika hiyohiyo, ukiwa na namba ya muamala iliyo ndani ya meseji. Kama meseji imefutwa, taja kiasi, saa na namba iliyopokea. Omba pesa izuiwe. Ikiwa aliyepokea hajatoa, kuna nafasi. Akishatoa kwa wakala, imebaki polisi. Wizi mwingi ninaoletewa umeshafika saa moja au mbili, kwa sababu mzee alikaa kwanza kufikiria atamwambiaje mwanawe.

Baada ya simu, badilisheni namba ya siri, kisha polisi mkachukue namba ya taarifa, maana mtandao utaiuliza. Mtandao usipowajibu, malalamiko yapelekwe kwa maandishi, nakala ibaki kwenu, maana Benki Kuu nayo husikiliza baada ya kuona kwamba mlianza na mtoa huduma.

Na kama laini yenyewe imekufa ghafla, simu inasema hakuna mtandao na ya jirani inasoma vizuri, usingoje hadi kesho. Huenda kuna mtu ameirudisha laini hiyo kwenye kadi nyingine. Azimeni simu ya jirani, pigeni huduma kwa wateja waifunge pochi, kisha mama aende dukani kwa mtandao na kitambulisho chake na vidole vyake vyote kumi.